Matokeo ya tasnifu yanaporudi mwaloni: kisa cha wachakataji wa dagaa, Kigoma

Sentensi iliyobeba tasnifu nzima ilikuwa hii: "Uanikaji wa dagaa mchangani ulihusiana kitakwimu na upotevu wa mazao baada ya uvuvi (uwiano wa odi uliorekebishwa 2.9, masafa ya asilimia 95: 1.6 hadi 5.2, p<0.001)." Wasahihishaji waliipitisha bila swali. Mtafiti, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, alipoketi kuandika karatasi ya mrejesho kwa akina mama waliomjibu maswali yake, aliigeuza hivi: "Ukianika mchangani, uwezekano wa kupoteza dagaa wako ni mara tatu zaidi ya anayeanika kwenye kichanja." Ni Kiswahili chepesi, kinaeleweka mara moja, na si kweli.

Kisa ninachokichambua ni cha mfano. Nimekiunda ili hatua zote zionekane mahali pamoja, namba zake nimezichagua ziwe rahisi kukokotoa, na mialo sikuitaja. Mazingira yake ni ya Ziwa Tanganyika jinsi yalivyo, na makosa yaliyomo ni yale ambayo mrejesho wa tasnifu huyabeba mara nyingi.

Mwaloni kazi huenda na mwezi. Vipe, yaani mitumbwi ya kuvulia dagaa, hutoka usiku wa giza na taa zao, alfajiri hurudi, na akina mama hununua dagaa wabichi kwa beseni wakiwahi jua. Wengine huanika chini, mchangani au kwenye kokoto. Wengine huanika kwenye vichanja, yaani meza za miti zilizotandazwa wavu, ambako hewa hupita juu na chini ya dagaa na tone la mvua halirushi mchanga. Mtafiti alihoji akina mama 240 katika mialo minne, 60 kila mwalo. 120 walikuwa wa mchangani na 120 wa vichanja. Kila mmoja aliulizwa kama, katika msimu wa mvua uliopita, kuna siku robo ya mzigo wake au zaidi iliharibika. Aliyejibu ndiyo alihesabiwa kuwa amepoteza. Fomu ya ridhaa aliyoisoma mbele ya kila mama ilikuwa na mstari unaosema matokeo yataletwa kwa muhtasari. Kwa hiyo karatasi hii si hisani. Ni deni lililomo kwenye fomu ambayo kamati ya maadili iliipitisha.

Mara tatu ya nini?

Tuanze na hesabu ghafi, maana ndizo zinazoonyesha kosa lilipo. Katika akina mama 120 wa mchangani, 90 walipoteza na 30 hawakupoteza. Katika 120 wa vichanja, 48 walipoteza na 72 hawakupoteza. Odi ni waliopoteza ukiwagawa kwa wasiopoteza. Kwa mchangani ni 90 kwa 30, yaani 3. Kwa vichanja ni 48 kwa 72, yaani 0.67. Gawa ya kwanza kwa ya pili, unapata 4.5. Hiyo ndiyo namba inayotokea kwenye safu ya `Odds Ratio` kabla ya marekebisho yoyote.

Lakini mama wa mwaloni hawazi kwa odi, wala mimi na wewe hatuwazi hivyo. Tunawaza kwa watu: kati yetu tulioanika, wangapi walipoteza? Mchangani ni 90 kati ya 120, robo tatu. Kwenye vichanja ni 48 kati ya 120, asilimia 40. Asilimia 75 ukiigawa kwa 40 haifiki hata mara mbili. Mtu akisoma 4.5 na kusema "mara nne na nusu", ameikuza tofauti zaidi ya mara mbili bila kudanganya mahali popote kwa makusudi.

Chanzo cha pengo hilo ni kwamba upotevu wenyewe ni jambo la kawaida. Kama wangepoteza watu watatu tu kwa kila mia, odi na uwiano wa watu zingekaribiana na kosa lisingeonekana. Ndiyo maana katika tafiti za magonjwa adimu wengi huzichanganya na hakuna anayeumia. Kwa jambo linalowapata nusu ya watu au zaidi, kama dagaa kunyeshewa msimu wa mvua, zinaachana kabisa. Alama ya kukuonya ni rahisi kuitazama: kabla ya kuandika "mara kadhaa", angalia wangapi wamepatwa na jambo hilo katika kundi lenye nafuu. Wakizidi mmoja kati ya kumi, usiusome uwiano wa odi kama mara za uwezekano.

Mtafiti akabadilisha sentensi yake: "Kati ya kila akina mama 20 walioanika mchangani, 15 walipoteza. Kati ya kila 20 walioanika kwenye kichanja, 8 walipoteza." Nilipenda chaguo la 20. Asilimia 75 na 40 hugeuka kuwa watu kamili bila sehemu, na kundi la watu 20 ni kundi ambalo mtu huliona kwenye kikao cha vikoba. Zaidi ya hapo, sentensi hii inafichua jambo ambalo "mara tatu" ililificha kabisa: hata wenye vichanja wanane kati ya ishirini walipoteza. Mama anayefikiria kuuza mbuzi ili ajenge kichanja ana haki ya kuliona hilo kabla ya kuuza.

Mtaji, na namba ambayo hakuna aliyeihesabu

Hapo mtafiti alidhani amemaliza. Lakini tasnifu yenyewe haikusema 4.5, ilisema 2.9, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo sehemu nyeti kuliko zote katika mrejesho huu.

Wanaomiliki vichanja si akina mama wa kuokotwa tu mwaloni. Wengi wao wana mtaji mkubwa zaidi. Mwenye mtaji hununua mapema, kabla jua halijapanda; ana turubai la kufunikia mawingu yakijikusanya; anaweza kumlipa kijana abaki akilinda mzigo. Kwa hiyo akipoteza kidogo, hatujui bado ni kichanja kilichomwokoa au ni turubai na yule kijana. Mtafiti alilijua hilo, ndiyo maana aliuingiza mtaji kwenye modeli yake, na uwiano ukashuka kutoka 4.5 hadi 2.9. Sehemu ya kile kilichoonekana kuwa nguvu ya kichanja ilikuwa nguvu ya mtaji.

Sasa unamwambiaje mama habari hiyo kwa watu 20? Uwiano wa odi uliorekebishwa haugeuki kuwa watu kwa kukisia. Njia safi ni kuiomba programu ikokotoe sehemu ya watu ambao wangepoteza endapo makundi yote mawili yangekuwa na mtaji wa namna moja. Kwenye Stata ni mistari miwili:

```
logistic hasara i.mchanga i.mtaji i.mwalo
margins mchanga
```

Mstari wa pili ulitoa 0.69 kwa mchangani na 0.46 kwa vichanja. Kwa watu 20, ni karibu 14 na karibu 9. Tofauti ya watu 7 katika hesabu ghafi imekuwa tofauti ya watu 5.

Msimamizi wake alitaka karatasi iandike 14 na 9 tu, kwa hoja kwamba ndiyo namba ya haki. Hoja hiyo ina uzito, lakini sikubaliani nayo kwa karatasi ya namna hii. Hakuna aliyehesabu akina mama 14. Ni namba iliyotoka kwenye modeli, na mama akiuliza "mliwaona wapi hao?" hakuna jibu la kumridhisha. Hesabu ya 15 na 8 ni yao, imetoka midomoni mwao. Rai yangu ilikuwa karatasi itaje hesabu halisi kwanza, kisha sentensi inayofuata papo hapo iseme: "Sehemu ya tofauti hii inatokana na mtaji. Tulipolinganisha akina mama wenye mtaji unaofanana, tofauti ilipungua kutoka watu 7 hadi watu 5 kwa kila 20, lakini haikwisha." Mama wa mwaloni haoni ugumu hapo. Anaujua mtaji kuliko mtafiti. Wasomi huiondoa sentensi hiyo wakidhani itawachanganya watu, na wakiiondoa wamemwachia mama asiye na turubai aamini kwamba kichanja peke yake kitampa matokeo ya jirani yake mwenye turubai.

Masafa ya 1.6 hadi 5.2, yaani upana ambamo uwiano wa kweli unatarajiwa kuwamo, nayo yalihitaji maneno. Hatukuyaandika kama namba. Tuliandika "karibu watu 5", na chini yake: "Tungewauliza akina mama wengine, namba ingepanda au kushuka kidogo, lakini hatutarajii vichanja vionekane vibaya kuliko mchanga." Sehemu ya mwisho inaruhusiwa kwa sababu uwiano wa 1 maana yake hakuna tofauti, na masafa yote yako juu ya 1. Yangeivuka 1, sentensi hiyo isingeandikwa.

Chumvi

Akina mama 40 kati ya wale 240 walikuwa wakichovya dagaa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanika. Walipoteza 20, yaani nusu. Wasiotumia chumvi walikuwa 200, na walipoteza 118, yaani asilimia 59. Tasnifu iliripoti uwiano wa odi 0.70, masafa 0.35 hadi 1.37, na ikasema hakuna uhusiano wa kitakwimu. Rasimu ya mrejesho ikasema: "Chumvi haisaidii."

Sentensi hiyo ingeweza kufanya madhara kuliko ile ya mara tatu, kwa sababu inamwambia mtu aache jambo analolifanya. Yasome masafa tena. Yanaanzia mahali ambapo chumvi inapunguza upotevu sana, na yanaishia mahali ambapo inauongeza kidogo. Utafiti huu haukuona kwamba chumvi haifanyi kazi. Ulishindwa kuona chochote kwa uhakika, maana watu 40 ni wachache mno. Karatasi ikaandikwa: "Kuhusu chumvi hatuna jibu. Waliotumia chumvi walikuwa wachache, hatuwezi kusema inasaidia wala haisaidii. Unayetumia, hatujaona sababu ya kukuambia uache."

Majina yasiyoandikwa

Sampuli za dagaa wakavu zilipimwa vimelea vinavyotokana na kinyesi. Tasnifu iliweka wastani kwa logi: mwalo mmoja 4.2, mingine mitatu kwenye 3.2 hivi. Kwa jicho la haraka ni tofauti ndogo, lakini katika logi ya kumi kila moja inayoongezeka ni mara kumi. Dagaa wa mwalo ule walikuwa na vimelea mara kumi ya wenzao, na sababu iliyoelekea kuwa ya kweli ilikuwa njia ya mifugo inayokatiza mchanga wa kuanikia.

Rasimu iliutaja mwalo kwa jina. Fikiria karatasi hiyo ikifika sokoni Kibirizi, Kigoma, mikononi mwa mnunuzi anayepakia dagaa kwenda Kongo au bara. Akina mama 60 waliokubali kuhojiwa kwa hiari yao wangeshushiwa bei kwa sababu walikubali. Fomu ya ridhaa ilimlinda kila mmoja kwa jina lake, lakini haikufikiria kwamba mwalo nao una jina. Baada ya kupata ushauri wa msimamizi na kamati ya maadili, mtafiti aliamua karatasi ya pamoja iseme tu kwamba mialo ilitofautiana, na kwamba kila mwalo utaelezwa wake kwenye kikao chake. Ofisa uvuvi na uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wa mwalo husika walipewa majibu kamili, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kuiziba njia ya mifugo. Kuficha kabisa kusingekuwa sawa pia. Vimelea ni jambo la afya, na ushauri wa kuwapika dagaa mpaka wachemke sawasawa uliwekwa kwenye karatasi ya wote.

Hatari ya pili ilikuwa kwenye nukuu. Tasnifu ilimnukuu "mama mjane, miaka 58, mmiliki wa vipe viwili" akilalamika kuhusu madeni ya wenye mitumbwi wenzake. Kwenye maktaba ya chuo huyo ni mtu yeyote. Mwaloni ni mtu mmoja tu, na kila aliyekaa kikaoni angemgeukia. Nukuu zote ziliondolewa kwenye mrejesho. Kama nukuu ni ya lazima, toa umri, toa hali ya ndoa, toa mali, kisha msomee mhusika mwenyewe kwanza akiwa peke yake.

Kujaribu karatasi kabla ya kuichapa

Kabla ya kuchapa, mtafiti aliisoma rasimu kwa sauti mbele ya akina mama watatu wa mwalo ambao haukuwa kwenye utafiti. Hakuwauliza kama wameelewa, kwa sababu kwa heshima kila mtu atasema ndiyo. Aliuliza: "Mama, ukifika nyumbani dada yako akikuuliza tumeongea nini, utamwambiaje?"

Wa kwanza akajibu: "Nitamwambia tukianika juu hatupotezi." Kumbe ile sentensi ya wanane waliopoteza ilikuwa imemezwa katikati ya aya. Ikahamishwa, ikapewa mstari wake.

Wa pili, bibi mmoja, alisubiri mpaka mwisho. "Mwanangu, hao kumi na tano ni akina nani? Mbona unawasema hadharani?" Alisikia "15 kati ya 20" kama watu 15 wanaojulikana, waliokamatwa wakipoteza. Swali hilo lilibadilisha namna nzima ya kuleta namba. Mtafiti aliamua namba isisemwe kwa mdomo mtupu; iwekwe kwa kokoto 20 kwenye ungo, na aanze kwa kusema kwamba hazisimami badala ya mtu yeyote aliyeko hapo.

Wa tatu aliuliza kichanja kinagharimu kiasi gani na nani atawajengea. Utafiti haukuwa na jibu. Hapa wengi huandika "wadau wanashauriwa kuwezesha", na akina mama wakaanza kumsubiri mdau. Tuliweka sentensi mbili za wazi kwamba utafiti huu hauna fedha za vichanja na hakuna mradi uliotuma ujumbe kupitia kwetu.

Vipimo navyo vilibadilishwa. Tasnifu iliandika kilo za dagaa wakavu, ilhali rejareja huuzwa kwa sado, na sado tano ni debe. Robo ya mzigo ikaandikwa kama "sado moja katika kila sado nne ambazo ungetarajia kupata".

Karatasi ya mwisho iliingia ukurasa mmoja wa A4 kwa herufi kubwa. Naiweka yote:

> Matokeo ya utafiti wa uanikaji wa dagaa
>
> Shikamooni akina mama, na asanteni. Tuliwauliza kuhusu uanikaji na hasara ya msimu wa mvua. Tuliahidi kurudisha majibu. Haya hapa.
>
> Tuliongea na akina mama 240 katika mialo minne. Jina la mtu halimo humu wala kwenye tasnifu.
>
> Tulichokiona. Kupoteza, kwetu, ni siku ambayo robo ya mzigo au zaidi iliharibika: sado moja katika kila sado nne ulizotarajia.
>
> Kati ya kila akina mama 20 walioanika mchangani, 15 walipoteza angalau mara moja.
>
> Kati ya kila akina mama 20 walioanika kwenye kichanja, 8 walipoteza.
>
> Kichanja hakizuii hasara yote. Wanane ni wengi.
>
> Sehemu ya tofauti hii inatokana na mtaji. Tulipolinganisha wenye mtaji unaofanana, tofauti ilipungua kutoka watu 7 hadi karibu watu 5 kwa kila 20, lakini haikwisha. Tungewauliza akina mama wengine, namba ingepanda au kushuka kidogo, lakini hatutarajii vichanja vionekane vibaya kuliko mchanga.
>
> Tusichokijua. Kuhusu chumvi hatuna jibu. Waliotumia walikuwa wachache. Unayetumia, hatujaona sababu ya kukuambia uache. Hatukupima pia gharama ya kichanja inarudi baada ya muda gani.
>
> Usafi. Dagaa waliopimwa walikuwa na vimelea vya kinyesi, na mialo ilitofautiana. Kila mwalo utaelezwa wake. Mchanga unaopitwa na mifugo ni wa kuepuka. Kwa wote: dagaa wapikwe mpaka wachemke sawasawa.
>
> Fedha. Utafiti huu hauna fedha za kujenga vichanja. Hakuna mradi uliotutuma kuahidi chochote.
>
> Mwenye swali au asiyekubaliana na tulichoandika aseme hapa kikaoni, au aache ujumbe kwa mtendaji wa kijiji au kwa katibu wa BMU.

Kikao

Tarehe ilichaguliwa kwa mwezi. Wakati wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri, vipe vingi hupumzika, na mama ana nafasi ya kukaa saa nzima bila kuutupia jicho mzigo. Kuitisha kikao usiku wa giza ni kuzungumza na uongozi wa kijiji peke yao. Ilibidi pia kikao kiwahi kabla ya Oktoba, maana Kigoma mvua huanza mwezi huo au Novemba, na anayetaka kujenga kichanja anahitaji wiki za ukavu. Mtafiti alikuwa angali anafanya masahihisho ya tasnifu. Hakungoja nakala ngumu. Aliomba kibali cha msimamizi kupeleka matokeo ambayo hayangebadilika, na hayo ndiyo yaliyoandikwa.

Swali la kwanza lilikuwa: "Mlituuliza kabla ziwa halijafungwa au baada?" Waliokuwa wakiuliza walikumbuka mwaka 2024, Serikali ilipoufunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Msimu uliofuata ufungaji, bei na wingi wa dagaa havikuwa vya kawaida, na mama aliyeanika mabeseni mengi zaidi alikuwa na siku nyingi zaidi za kupoteza. Karatasi haikutaja msimu gani. Mstari mmoja uliongezwa kwa kalamu kwenye kila nakala, palepale, kabla ya kugawa.

Kokoto zilifanya kazi nzuri. Kumi na tano zikahamishwa upande mmoja wa ungo, kisha zikarudishwa, zikahamishwa nane. Mzee mmoja wa BMU alizieleza kwa Kiha kwa bibi wawili waliokuwa nyuma, na mtafiti alimwacha amalize bila kumkatiza.

Kisha akasimama mama aliyekuwa amehojiwa. Alisema, kwa upole, kwamba neno kuharibika halikuulizwa vizuri. Dagaa wakinyeshewa hawatupwi. Wakibadilika rangi na kuanza kukatika, huuzwa kwa bei ya chini kwa wanaotengeneza chakula cha kuku. Wengine wamejibu "ndiyo, nilipoteza" wakimaanisha bei imeanguka. Wengine wamejibu "hapana" kwa sababu hawakutupa hata sado moja. Wenzake wakaanza kusema yao, na ikaonekana kikao chote kimegawanyika hivyo hivyo.

Hilo ni jambo zito kuliko marekebisho yote ya mtaji. Kama akina mama wenye mtaji, ambao wana mnunuzi wa chakula cha kuku wa kumpigia simu, walielekea kujibu "hapana" kwa mzigo uleule ambao mwenzao angejibu "ndiyo", basi hata tofauti ya watu 5 imechanganya hasara ya mzigo na hasara ya bei, na hakuna modeli itakayozitenganisha kwa data iliyokwisha kukusanywa. Mtafiti aliliandika jambo hilo kwenye sehemu ya mipaka ya utafiti kabla ya kuwasilisha nakala iliyosahihishwa, na kwenye mapendekezo akaomba utafiti ujao uulize maswali mawili badala ya moja: ulitupa kiasi gani, na uliuza kiasi gani chini ya bei ya siku hiyo. Nakala zilizobaki kwa mtendaji na kwa katibu wa BMU zilichapwa upya, na chini ya "Tusichokijua" pana mstari mpya: "Hatukutenganisha dagaa waliotupwa na waliouzwa kwa bei ya chini. Ninyi ndio mliotuambia."